Jina, Kichwa, Kichwa, Jina

"Anayepanda jukwaani sasa ni binti aliyetutoa machozi mwaka jana! Tangu kidato cha kwanza hajawahi kushika namba mbili. Mama yake ni hakimu, kwa hiyo majaji mjihadhari. Kaeni mkao wa kula!" Ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Dakika kumi baadaye sauti ile ile inarudi kwenye kipaza sauti: "Anayefuata ni… mwandiko huu unanisumbua… ni Juma au Jumaa? Haya, Juma, karibu, usiogope."

Aliyetamka maneno hayo huenda hana nia mbaya hata kidogo. Anaweza kuwa mwalimu mcheshi, kaka mkuu anayejua kuchangamsha watu, au mshereheshaji aliyeazimwa kutoka kwenye harusi, ambako kazi yake ni kumpamba bibi harusi kadiri ya uwezo wake. Lakini harusini hakuna jaji anayeandika alama. Kwenye mashindano ya hotuba ya wanafunzi, sentensi zile nne zimemtanguliza binti, na lile neno "usiogope" limewaambia majaji kuwa kwa Juma kuna kitu cha kuogopa. Wote wawili bado hawajafungua kinywa.

Kuna watu waliolifikiria tatizo hili kwa muda mrefu na kulipatia dawa kavu kidogo. Chama cha Toastmasters, kilichoanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 katika mji wa Santa Ana, California, kwa ajili ya kuwafunza watu kuzungumza hadharani, kina klabu katika nchi nyingi, na Nairobi na Dar es Salaam zimo. Katika mashindano yake, anayeongoza jukwaa humtambulisha kila mshiriki kwa mpangilio mmoja tu: jina la mshiriki, kichwa cha hotuba, kichwa cha hotuba tena, kisha jina tena. Hatajwi mzazi, shule wala tuzo. Tuseme mshiriki anaitwa Rehema Saidi na hotuba yake ameiita "Ndoo ya Jirani". Utambulisho wake wote utakuwa hivi: "Rehema Saidi. Ndoo ya Jirani. Ndoo ya Jirani. Rehema Saidi."

Kwa anayesikia mara ya kwanza, inafanana na karani anayeita wagonjwa zahanati. Akikaa hadi mshiriki wa tatu ataanza kuusikia mdundo wake. Jina la kwanza linamwinua mshiriki kitini na kugeuza vichwa vya watazamaji. Kichwa cha hotuba kinarudiwa kwa sababu ukumbi una kelele, na pia kwa sababu jaji aliyekuwa anageuza karatasi hukikosa mara ya kwanza. Jina la mwisho linatamkwa kwa sauti iliyopanda, na makofi yanaanzia hapo hapo. Mshereheshaji mzuri anaweza kuyasema maneno hayo machache kwa namna itakayowafanya watu wakae wima. Kinachochangamsha ni sauti yake, macho yake na kituo kifupi anachokiweka kati ya kichwa cha kwanza na cha pili. Nakala ya maneno ikibaki ile ile kwa wote, hakuna atakayelalamika kuwa mwenzake alipambwa zaidi.

Je, utambulisho kweli unaweza kubadilisha alama? Swali hili lilijaribiwa zamani, na jaribio lenyewe linafaa kusimuliwa polepole. Mwanasaikolojia Harold Kelley, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1950, aliingia madarasa ya wanafunzi wa Chuo cha MIT huko Marekani na kuwaambia kuwa siku hiyo watafundishwa na mwalimu mgeni. Kabla mgeni hajaingia, kila mwanafunzi alipewa karatasi yenye wasifu mfupi: umri wake miaka 26, aliwahi kuwa askari, ameoa, ana uzoefu kidogo wa kufundisha, na wanaomfahamu humwona ni mtu mchapakazi, mkosoaji na mwenye msimamo. Karatasi zote zilifanana isipokuwa mahali pamoja. Nusu ziliongeza kuwa watu humwona ni mchangamfu sana, na nusu nyingine kuwa humwona ni mkavu kidogo. Wanafunzi hawakujua kuwa kuna aina mbili.

Mgeni akaingia, akaongoza mjadala kwa dakika 20, akatoka. Wote walikuwa chumba kimoja, wakamsikia mtu yule yule akisema maneno yale yale. Walipoombwa wampime, walioandikiwa "mchangamfu" walimwona anajali watu zaidi, ana utani zaidi na anapendeka zaidi kuliko walivyomwona wenzao. Hata kushiriki kwenyewe kulitofautiana: upande wa mchangamfu, asilimia 56 walichangia mjadala, na upande wa mkavu ni asilimia 32 tu.

Tofauti yote hiyo ilitokana na maneno mawili au matatu kwenye karatasi. Kinachomhusu mshereheshaji hapa ni kwamba hakuna aliyewadanganya wale wanafunzi waziwazi, na hakuna aliyejihisi ameshawishiwa. Jaji wa mashindano ya shule naye ni binadamu wa aina hiyo hiyo. Akiambiwa anayekuja ni bingwa wa mkoa, kituo kirefu katikati ya hotuba atakisikia kama ufundi. Kwa mshiriki asiye na sifa, kituo kile kile atakiandika kama kusahau.

Kuna sababu nyingine ya kunyamaza kuhusu wasifu, nayo ni ya jukwaani zaidi. Mwaka 2015 bingwa wa dunia wa Toastmasters alikuwa Mohammed Qahtani wa Saudi Arabia, kwa hotuba iliyoitwa "Nguvu ya Maneno". Alianza bila kusema kitu: alitoa sigara, akaiweka mdomoni na kuinua kiberiti, huku ukumbi mzima ukimkodolea macho. Qahtani ameeleza mwenyewe kuwa utotoni alikuwa na kigugumizi. Fikiria mshereheshaji mwenye huruma angetangulia kuliambia hadhira jambo hilo. Kila mtu angekuwa anasubiri akwame, na ile sigara isingemshtua mtu. Anayejua lini siri ya mzungumzaji itoke ni mzungumzaji mwenyewe. Kwa sababu hiyo kanuni za chama hicho husema muda unaanza kuhesabiwa pale mshiriki anapofanya jambo la kwanza la wazi la kuwasiliana na hadhira, liwe neno au kitendo. Kabla ya hapo jukwaa bado ni la mshereheshaji. Baada ya hapo si lake tena, na hata akiona kichekesho kizuri namna gani hana ruhusa ya kukitia.

Sasa chukua mashindano ya kawaida ya shule ya sekondari: washiriki wanane, hotuba za dakika tano hadi saba, majaji watano, mtunza muda mwenye kadi za kijani, njano na nyekundu. Kazi ya utambulisho inaanza nusu saa kabla ya watazamaji kuruhusiwa kuingia. Mshereheshaji huwakusanya washiriki wote wanane chumba cha pembeni, na hapo mambo matatu hufanyika.

La kwanza ni kura ya mpangilio. Vikaratasi vinane vyenye namba huwekwa kwenye kofia na kila mmoja huokota chake mbele ya wenzake. Kupanga kwa alfabeti au kwa madarasa ni rahisi zaidi, lakini nafasi ya kupanda jukwaani ina uzito wake. Wachumi Renato Flôres na Victor Ginsburgh walichunguza mashindano ya muziki ya Malkia Elisabeth huko Brussels, ambako wapigaji 12 wa fainali hupangwa wawili kila jioni kwa jioni sita. Katika utafiti wao wa mwaka 1996 waligundua kuwa waliopiga jioni ya kwanza walikuwa na nafasi ndogo ya kushika namba za juu kuliko waliopangiwa jioni za mwishoni. Majaji wanapoanza huwa bado hawana cha kulinganisha, kwa hiyo hubana alama. Kura haiondoi bahati hiyo, ila inahakikisha haijagawiwa na mtu. Wanaotaka kumlinda wa kwanza zaidi ya hapo wanaweza kuazima desturi ya mashindano ya mashairi ya jukwaani yaliyoanzia Chicago, ambako mshairi asiyeshindana hutangulia na kupewa alama zisizohesabiwa, ili majaji wapashe mikono moto. Wamarekani humwita mshairi wa kafara. Shuleni, mshindi wa mwaka uliopita anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, na huwa anaifurahia.

Jambo la pili ni majina, na hapa wengi huteleza. Mshereheshaji hasomi orodha iliyochapwa na ofisi ya taaluma kisha akaamini. Anamwomba kila mshiriki atamke jina lake, naye analirudia mbele yake hadi mwenye jina atikise kichwa. Katika ukumbi mmoja anaweza kukutana na Ng'ang'a, Mwakyusa, Uwimana na Onyango, na kila jina lina mtego wake kwa asiyelizoea. Akishalipata, analiandika upya kwenye kadi yake kwa jinsi linavyosikika, hata kama maandishi hayo yatamchekesha mwalimu wa lugha. Anauliza pia mshiriki anataka aitwe kwa majina yote mawili au mangapi. Uamuzi ukishatolewa, wote wanane waitwe kwa idadi hiyo hiyo ya majina. Ukimwita mmoja "Rehema Saidi" na mwingine "Juma wetu", umeshampendelea mmoja, na hata wewe mwenyewe hujui ni yupi.

Kichwa cha hotuba nacho huandikwa neno kwa neno kama mshiriki alivyokitunga. Mshereheshaji akikipunguza au akikitafsiri anaweza kuuvunja mchezo ambao mzungumzaji ameupanga kuufungua katika sentensi yake ya mwisho.

La tatu ni njia. Nani anapanda kwa ngazi ya kushoto, nani anataka kipaza sauti cha mkononi na nani anataka cha kusimama, nani ana kiti au ndoo ya kuweka jukwaani. Haya yakimalizwa chumbani, mbele ya watu hayatazungumzwa kabisa. Mengi ya yale yanayoonekana kama ubaridi wa ukumbi ni dakika mbili za kutafuta nyaya huku mshiriki amesimama mikono nyuma.

Watazamaji wanaingia, na sasa mshereheshaji ana uhuru wake. Kabla ya mshiriki wa kwanza, anaweza kutania, kuwasalimu wageni kwa itifaki, kuimbisha darasa moja dhidi ya jingine, na kueleza kanuni kwa namna ya kuchekesha. Dakika hizo tano hadi saba ndizo za kuwapasha watu moto, na ni vizuri azitumie zote, kwa sababu hatazipata tena hadi mwisho. Hapo pia ndipo anapowafundisha makofi. Shule mwenyeji ina wanafunzi 400 ukumbini na shule mgeni ina 12, kwa hiyo makofi yakiachwa yajiendee, jaji atasikia ngurumo kwa mmoja na mvua ya rasharasha kwa mwingine. Njia inayofanya kazi ni ile ya makofi ya mpango ambayo wanafunzi wa Kenya huyaita makofi ya kilo: ukumbi mzima hujifunza mdundo mmoja, hufanya mazoezi mara mbili, kisha humpigia kila mshiriki huo huo anapopanda na anaposhuka. Vijana hupenda kuupatia mdundo sawasawa kuliko kupiga kelele ovyo, na mshiriki wa mbali hupokewa kama wa nyumbani.

Kisha inaanza kazi yenyewe. Mshereheshaji anasimama katikati, anasubiri jaji mkuu ainue mkono kuonyesha kuwa majaji wote wako tayari, anamtambulisha mshiriki kwa jina, kichwa, kichwa, jina, anabaki pale pale hadi mshiriki afike, anampa mkono na kuondoka kwa upande wa pili. Kumwacha mshiriki akatembea kuelekea jukwaa tupu ni kosa dogo linaloonekana sana, kwani makofi huisha kabla hajafika na hatua tatu za mwisho anazipiga kimya kimya.

Hotuba ikiisha, mshereheshaji anarudi, anampa tena mkono, na anasema kitu kimoja tu: "Ahsante", likifuatiwa na jina. Hasemi kuwa ilikuwa hotuba nzuri au kwamba amejifunza mengi. Kwa aliyesahau maneno katikati, hasemi kuwa amejitahidi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana mtoto ameshuka akilengwalengwa na machozi na ukumbi mzima unataka mtu mzima amfariji. Lakini neno "amejitahidi" kwa majaji lina maana moja tu. Faraja inamsubiri nyuma ya pazia, kwa mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Tangu mwanzo wa siku mwalimu huyo anapaswa kujua kuwa ni yake.

Halafu inakuja dakika moja ya kimya, nayo imo katika kanuni za Toastmasters kati ya kila mshiriki na anayefuata, ili majaji wajaze karatasi zao. Baada ya mshiriki wa mwisho kimya huendelea hadi jaji wa mwisho amalize. Dakika moja ya kimya mbele ya wanafunzi 400 ni ndefu, na mshereheshaji asiyeijua vizuri huijaza kwa vichekesho. Tatizo ni kwamba kichekesho kuhusu mvua, baada ya hotuba kuhusu mvua, ni maoni juu ya hotuba. Walimu wengine huipa dakika hiyo sura ya mchezo: mtunza muda anainua kadi nyeupe, ukumbi unashindana kunyamaza, na kadi ikishushwa watu wanaruhusiwa kuachia pumzi kwa kelele. Inasikika ya kitoto, na ndiyo sababu inafaa.

Hesabu ya saa inaonyesha kwa nini ubanifu huu hauichoshi hadhira. Hotuba nane, hata kila moja ikifika dakika saba na nusu, ni saa moja kamili. Dakika nane za kimya na nusu dakika ya utambulisho kwa kila mmoja huongeza dakika 12. Mshereheshaji akiamua kusimulia wasifu na kutoa maoni kwa dakika tatu tu kwa kila mshiriki, ameongeza dakika 24, na mzigo wake mkubwa unawaangukia namba saba na namba nane, wanaopanda mbele ya watu waliokwisha kuangalia mlango wa bwalo.

Si kila mashindano yanafuata njia hii. Katika mashindano ya shule ya English-Speaking Union, taasisi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1918, kila timu ina wanafunzi watatu: mwenyekiti, mzungumzaji na muulizaji. Mwenyekiti ni mwanafunzi, kazi yake ni kumtambulisha mzungumzaji na kuongoza maswali, na yeye mwenyewe hupewa alama kwa jinsi anavyofanya hivyo. Pale utambulisho mtupu wa jina na kichwa ungekuwa uvivu. Tofauti ni kwamba jaji anaupima utambulisho kama kazi ya mtu mwingine na kuuandikia safu yake kwenye karatasi ya alama, kwa hiyo haumwagikii mzungumzaji kimyakimya. Shule inayotaka wasifu uwe sehemu ya burudani inaweza kuiga utaratibu huo mzima. Kuiga nusu yake, yaani wasifu bila alama, ndiko kunakoleta ugomvi wa wazazi nje ya geti.

Na wasifu wenyewe haupotei. Unahamishwa. Karatasi za alama zikishakusanywa na wahesabuji wakishafunga mlango, mshereheshaji anawaita washiriki wote wanane jukwaani kwa mpangilio ule ule wa kura, na hapo ndipo watu wanapowajua. Kila mmoja alijaza asubuhi fomu fupi: anatoka wapi, anapenda nini, hotuba yake ilizaliwaje. Mshereheshaji anachagua kitu kimoja kwenye fomu na kuuliza maswali mawili, si zaidi, huku kila mmoja akipewa kama dakika moja. Rehema anaulizwa ndoo ya jirani ilirudishwa au la. Juma anaulizwa ni nani alimfundisha kuiga sauti ya kondakta wa daladala, na anaombwa aiige tena. Sasa utani unaruhusiwa na sifa zinaruhusiwa. Hata yule aliyesahau maneno anaweza kusimulia sentensi aliyoisahau, na mara nyingi huishia kupigiwa makofi makubwa kuliko wote. Alama zimeshatoka mikononi mwa majaji, kwa hiyo hakuna neno litakalozisogeza. Mahojiano pia yanaziba pengo la dakika nane hadi kumi ambalo bila hivyo hujazwa na muziki wa kupiga kelele wakati watu wanasubiri matokeo.

Jaji mkuu anaporudi na bahasha, mshereheshaji haifungui mbele ya watu. Anasogea naye pembeni, anasoma majina matatu kwa sauti ya chini, anahakikisha namba ya kila mshiriki inalingana na jina kwenye kadi zake, kisha anapanda na kuanza na mshindi wa tatu.